Usaha si hatua: mshono wa oparesheni ya kujifungua, kuanzia saa ya kwanza hadi siku ya saba

Kanula_Ya_Pinki (mwanzisha uzi), Jumapili saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa diploma ya uuguzi, na wiki ijayo tuna mtihani wa pathofiziolojia. Kwenye jaribio la juzi tuliulizwa hivi: mama amejifungua kwa oparesheni, eleza hatua za inflamesheni ya ghafla, yaani mwili unavyoitikia jeraha, kwenye kidonda chake na ishara ambazo muuguzi ataziona katika kila hatua. Alama 20.

Nikaandika hatua nne. Kwanza wekundu, pili uvimbe, tatu usaha, nne kupona. Nimeambulia 4. Mwalimu ameandika pembeni "usaha si hatua" na kupiga mstari mara mbili, basi, hakuna maelezo. Kama si hatua, usaha ni nini? Na zile ishara tano, wekundu, joto, uvimbe, maumivu na sehemu kushindwa kufanya kazi yake, nazigawaje, wakati notisi zangu zinasema hatua ni mbili tu, ya mishipa na ya seli?

Dokta_Mtarajiwa, saa 2:31 usiku

Mkuu, notisi zako ziko sahihi, hatua ni mbili. Hatua ya mishipa: mishipa midogo inatanuka papo hapo, damu inajaa, unaona wekundu, joto na uvimbe. Hatua ya seli: chembechembe nyeupe zinatoka kwenye damu, zinaua bakteria, zinakufa, zinakuwa usaha. Kwa hiyo usaha ungeuweka ndani ya hatua ya pili, si kuupa hatua yake. Maumivu weka popote.

Na kwa wodini: ukiona mshono mwekundu na wa moto siku ya pili, hayo ni maambukizi. Mwambie daktari aanze antibayotiki mapema.

Fundi_Rangi_TZ, saa 2:40 usiku

Samahani naingilia. Mimi si nesi ila nimeona neno uvimbe. Juzi nimeteleza kwenye ngazi, kifundo cha mguu kimevimba kama chapati ya maji. Mke wangu amenikanda na maji ya moto na chumvi usiku uleule, asubuhi kimevimba maradufu. Hiyo ni hatua ya ngapi? Usaha utatoka lini?

Bibi_Gozi, saa 3:15 usiku

Kanula, mwanangu, mwalimu wako amekuonea kidogo kwenye alama lakini hakukosea. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, na kosa lako ndilo kosa ninalolisahihisha kila mwaka. Mmefundishwa ishara kama orodha, nanyi mnadhani zinapanga foleni, moja ikitoka nyingine inaingia. Haziendi hivyo. Wekundu, joto, uvimbe na maumivu hukaa pamoja kwa siku kadhaa. Kinachofuatana ni matukio ndani ya tishu, na kila tukio lina ishara yake.

Kabla sijafika kwa mama wa oparesheni, chukua rula sasa hivi. Kwaruza upande wa ndani wa mkono wako kwa pembe ya rula, kwa nguvu kiasi, bila kuchana ngozi. Tazama saa. Kwa muda mfupi sana utaona mstari umepauka, mishipa imejibana. Halafu mstari unageuka mwekundu. Baada ya nusu dakika hivi, wekundu unasambaa nje ya mstari. Dakika moja au mbili baadaye, kama ngozi yako ni nyepesi kuchokoza, mstari wenyewe unainuka kama alama ya fimbo. Daktari Thomas Lewis wa Uingereza aliyaeleza haya miaka ya 1920. Ndani ya dakika tatu umeiona hatua ya mishipa karibu yote, bila bakteria hata mmoja na bila usaha.

Dokta, umesema mishipa inatanuka papo hapo. Karibu. Kwanza inajibana, sekunde au dakika chache, kisha inatanuka. Hilo dogo. Kubwa ni lile la antibayotiki siku ya pili, na tutalirudia.

Fundi, nakuja kwako pia, usiweke maji ya moto tena leo.

Kanula_Ya_Pinki, saa 3:24 usiku

Shikamoo mwalimu. Nimejikwaruza. Mstari mwekundu siuoni kabisa, mimi ni mweusi wa kung'aa. Ila umeinuka kama kovu, ukiupapasa unausikia.

Bibi_Gozi, saa 3:26 usiku

Marahaba. Umenipa sentensi ambayo nilikuwa naisubiri. Shikilia hapo hapo.

Sista_wa_Likoni, saa 3:50 usiku

Jamani hapo ndipo wanafunzi wangu wanapofeli wodini, si darasani. Vitabu vingi vina picha za ngozi nyeupe, kidonda kinawaka kama pilipili hoho. Mwanafunzi anafungua gozi ya mama wa Likoni, haoni wekundu, anaandika "hakuna inflamesheni". Ipo! Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaweza kuonekana kama weusi zaidi, zambarau au kijivu, au usionekane. Mimi nawaambia watumie mkono. Mgongo wa kiganja, si vidole, kwa kuwa mgongo wa kiganja unasikia joto vizuri zaidi. Weka kando ya mshono, halafu weka juu ya kitovu au kwenye paja, linganisha. Halafu bonyeza polepole kwa ncha ya kidole uone kama tishu ni laini, imejaa maji, au ni ngumu kama gamba. Ngozi inayong'aa na kuvutika imejaa maji hata kama rangi haijabadilika.

Bibi_Gozi, saa 4:20 usiku

Ahsante Sista. Sasa mama wa oparesheni. Tuseme kisu kimepita saa 4 usiku. Nitamfuata kwa saa, na Kanula aone ni nini muuguzi anakiona na ni nini asichokiona.

Saa ile ile, seli masti zilizo kando ya mishipa zinamwaga kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo ya ateri inatanuka, damu nyingi ya moto inaingia, na hapo ndipo joto na wekundu vinapotoka. Halafu kuta za vijishipa vya vena zinaachia nafasi katikati ya seli, na majimaji yenye protini yanavuja kwenda kwenye tishu. Huo ndio uvimbe. Histamini yenyewe haidumu, kazi yake ni ya nusu saa hivi, lakini kemikali nyingine, bradikinini na prostaglandini, zinaendeleza, na mishipa iliyokatwa inaendelea kuvuja yenyewe kwa saa nyingi.

Sasa jiulize, muuguzi wa zamu ya usiku anaona nini? Karibu hakuna! Kidonda kimefunikwa kwa gozi na plasta. Na mama kachomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo maumivu hayapo kwa saa mbili tatu za mwanzo ingawa inflamesheni imeshaanza zamani. Mwanafunzi anayeandika "saa ya kwanza: maumivu makali" hajawahi kukaa na mama aliyetoka chumba cha upasuaji.

Unachokiona ni gozi. Doa la damu. Chora kwa kalamu kuzunguka ukingo wa doa, andika saa. Likipita mstari kwa kasi, hiyo si inflamesheni, anatoka damu, ita daktari. Likitulia, kufikia asubuhi doa linakuwa la waridi, damu iliyochanganyika na majimaji, halafu rangi ya chai ya rangi iliyopauka, halafu gozi inakauka. Kubadilika kwa rangi ya gozi ndiyo hatua ya mishipa unayoweza kuisoma bila kufungua kidonda.

Sindano ya mgongo ikiisha, maumivu yanakuja na ishara ya tano: mama hataki kugeuka, hataki kukohoa, anatembea ameinama ameshika tumbo. Wanafunzi wanaiita "kupoteza kazi" kisha hawajui waiandike wapi. Iandike hapo.

Dokta_Mtarajiwa, saa 4:41 usiku

Sawa nimekubali kuhusu sindano ya mgongo, sikuifikiria. Lakini hatua ya seli je? Nyutrofili, zile chembe nyeupe za kwanza kufika, zinafika lini, na ishara yake kama si usaha ni ipi?

Bibi_Gozi, saa 5:05 usiku

Hilo ndilo swali lenye alama nyingi.

Majimaji yakivuja nje, damu iliyobaki ndani ya mshipa inakuwa nzito na inapunguza mwendo. Umewahi kuona mto unaoingia kwenye mikoko? Maji yakienda kasi, majani yanaelea katikati. Maji yakizubaa, majani yanasogea pembeni na kunasa kwenye mizizi. Nyutrofili zinafanya hivyo. Zinasogea ukutani, zinabiringika, zinashika, kisha zinajipenyeza kati ya seli za ukuta na kufuata harufu ya kemikali hadi kwenye jeraha. Saa 6 hadi 24 za mwanzo nyutrofili ndizo nyingi. Kuanzia siku ya kwanza kuelekea ya pili, chembe nyeupe za aina nyingine, monosaiti, zinazidi, na zikishaingia kwenye tishu zinaitwa makrofaji.

Ona sasa: hatua ya seli yenyewe haina sura. Hakuna muuguzi aliyewahi kuona nyutrofili ikitambaa. Unachokiona ni matokeo. Joto la mwili linapanda kidogo, 37.6 au 37.8, kwa sababu seli hizi zinatoa kemikali zinazofika hadi ubongoni, nako prostaglandini inapandisha kiwango cha joto. Kando ya mshono ukibonyeza panauma, pana joto, pamevimba kwa upana mdogo. Kidonda kikavu. Hapo nyutrofili zimejaa kibao na usaha haupo, kwa sababu usaha ni nyutrofili zilizokufa kwa wingi pamoja na tishu iliyoyeyuka, na kwa kawaida yake ni pale bakteria wa kutengeneza usaha wameingia. Kidonda safi hakifiki huko. Makrofaji zinafagia, limfu inabeba maji, mambo yanakwisha.

Kwa hiyo mwalimu wako alitaka uandike usaha kwenye matokeo. Mwisho wa inflamesheni ya ghafla ni njia panda: tishu inarudi ilivyokuwa, au inaziba kwa kovu, au panatunga usaha, au mambo yanaendelea na kuwa ya muda mrefu. Mshono wa oparesheni, hata ukienda vizuri kabisa, unaishia kwenye kovu. Usiandike kwamba umerudi ulivyokuwa.

Zamu_Ya_Pili, saa 5:18 usiku

Mimi ni nesi pia. Niulize kitu: siku ya kwanza mama wa oparesheni anapewa diklofenaki na paracetamoli. Hizo si zinaua inflamesheni yenyewe? Sisi tulikatazwa na daktari mmoja, akasema tukimpa diklofenaki kidonda hakitapona.

Sista_wa_Likoni, Jumatatu saa 12:35 asubuhi

Kwetu tunampa kwa siku chache, kama figo zake ni nzima na hana vidonda vya tumbo. Mama anayeumwa havuti pumzi vizuri, haamki kitandani, damu inaganda miguuni. Ugomvi kuhusu uponaji upo hata kwa madaktari, siwezi kuumaliza hapa. Ila kwa anayesoma chati, hoja ni nyingine: dawa hizo zinazuia prostaglandini, kwa hiyo zinafuta maumivu na homa huku kuvuja na nyutrofili vikiendelea. Ukisoma 37.0 saa moja baada ya dozi, hujasoma joto la mama, umesoma dawa. Mimi kabla ya kuamini chati naangalia dozi ya mwisho ilikuwa saa ngapi.

Bibi_Gozi, saa 12:50 asubuhi

Hiyo ibandikwe ukutani.

Fundi_Rangi_TZ, saa 1:05 asubuhi

Na mimi jamani? Mguu wangu bado upo.

Bibi_Gozi, saa 1:20 asubuhi

Fundi, samahani. Wewe umepata inflamesheni safi, haina bakteria, ngozi haijapasuka, kwa hiyo usaha usiutegemee. Maji ya moto na kukanda usiku uleule vilitanua mishipa ambayo tayari ilikuwa inavuja, na kama kuna kishipa kilichochanika mlikiongezea kuvuja. Siku mbili za mwanzo weka baridi, barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 au 20 kwa mara, funga bandeji, uinue mguu juu ya mito. Lakini kwanza nijibu: unaweza kukanyaga na kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza nyuma ya ile fupa la kifundo, upande wa nje na wa ndani, panauma mfupani?

Fundi_Rangi_TZ, saa 1:31 asubuhi

Hatua mbili nakaa chini. Upande wa nje ukigusa naona nyota.

Bibi_Gozi, saa 1:33 asubuhi

Leo hii nenda kapigwe picha ya eksirei. Usisubiri kuhesabu hatua za inflamesheni.

Sista_wa_Likoni, saa 7:40 mchana

Nimetoka zamu. Kanula, nikupe wamama wawili niliowahi kuwauguza wodi moja, nimebadilisha mambo madogo wasijulikane. Kitanda cha 4 na kitanda cha 9. Wote walifanyiwa oparesheni usiku mmoja. Wa 9 alikaa na uchungu muda mrefu na chupa ilikuwa imepasuka tangu siku iliyotangulia.

Siku ya kwanza jioni, wote wawili walikuwa na 37.7. Tulipofungua gozi siku ya pili, wote walikuwa na joto kando ya mshono, upana wa kidole kimoja hivi kila upande, uvimbe mdogo, panauma ukigusa. Dokta, kama ningekusikiliza wewe wote wangeanzishiwa antibayotiki za kutibu maambukizi, wakati hapo hakuna aliyeweza kusema nani ana maambukizi. Inflamesheni ya kisu na inflamesheni ya bakteria zinafanana siku ya pili. Nilichofanya ni kuchora kwa kalamu ukingo wa sehemu ngumu, wote wawili, na kuandika tarehe.

Siku ya tatu na ya nne, wa kitanda cha 4 mstari wangu ulibaki nje, ugumu umerudi ndani. Joto la mwili 36.9. Anatembea hadi chooni mwenyewe, analalamika chakula hakina chumvi. Nilijua yuko sawa.

Wa kitanda cha 9, siku ya nne joto la mwili 37.4 na akasema maumivu yamepungua, lakini alikuwa amekunywa dawa asubuhi. Ugumu haukupungua. Haukuongezeka pia, ulikaa palepale kwenye mstari. Mwenzangu wa zamu akaandika "kidonda kizuri". Mimi roho haikutulia, kwa sababu siku ya nne kitu kinapaswa kuwa kinashuka. Siku ya sita saa 11 alfajiri akaamka na baridi, joto 38.7, mapigo 112. Ugumu umevuka mstari kwa vidole viwili upande wa kulia, ngozi inang'aa, ukibonyeza unasikia maji yanacheza chini. Rangi? Weusi wa zambarau kidogo, ukiwa huna mwanga wa mchana huoni. Daktari akatoa nyuzi mbili upande ule, ukatoka usaha mzito wa njano, kama vijiko vitatu vya chai. Tukachukua sampuli kabla ya antibayotiki, tukasafisha, tukaacha wazi na gozi. Kesho yake jioni joto 37.3.

Wodi yetu wakati ule ilikuwa haina hata gozi za kutosha, na lawama alipewa mama kwamba hakuoga. Hilo nalisema kwa uchungu na ninaliacha hapo.

Kanula_Ya_Pinki, saa 8:15 mchana

Sista, kwa hiyo siku ya nne ungejuaje kwa uhakika? Vipimo vya damu?

Dokta_Mtarajiwa, saa 8:22 mchana

Angepima chembechembe nyeupe na CRP, protini ya damu inayopanda kukiwa na inflamesheni. Kawaida ya chembe nyeupe ni 4,000 hadi 11,000. Zikizidi, ni maambukizi.

Bibi_Gozi, saa 9:00 alasiri

Dokta, kwa mgonjwa wa kawaida ungeelekea kuwa sahihi. Kwa mama aliyejifungua, uchungu peke yake unapandisha chembe nyeupe, siku ya kwanza zinaweza kupita 20,000 bila maambukizi yoyote. Na CRP inaanza kupanda ndani ya saa 6 hivi baada ya kisu, inafika kileleni karibu siku ya pili, kisha inashuka. Kipimo kimoja hakikwambii kitu. Viwili, siku ya pili na ya nne, vinaweza kukwambia kama kinashuka au kinapanda. Ni hoja ileile ya mstari wa kalamu wa Sista, ila kalamu ni shilingi mia chache.

Niongeze mambo mawili ya wodini. Maambukizi mengi ya mshono hujitokeza kama ya kitanda cha 9, siku ya nne, ya tano, ya sita, hata baada ya mama kurudi nyumbani. Kwa hiyo mama wa saa 24 mwenye homa ya 39, maumivu makali kupita sura ya kidonda, ngozi inayobadilika rangi haraka au inayokwaruza kama mchanga ukiibonyeza, huyo hayuko kwenye hatua ya kawaida. Kuna bakteria wachache wanaokimbia hivyo. Usichore mstari ukaondoka, ita mtu sasa hivi.

La pili ni kinyume chake. Mama ambaye nyutrofili zake ni chache, au anatumia dawa za steroidi, anaweza kuwa na maambukizi makubwa kwenye kidonda kikavu, bila usaha, bila uvimbe wa maana, pengine bila homa. Hakuna askari wa kufa, usaha utatoka wapi? Kwake maumivu yanayozidi na mapigo yanayopanda ndivyo unavyoshika.

Zamu_Ya_Pili, saa 9:30 alasiri

Swali la pembeni. Ile ishara ya tano ni ya nani? Sisi tuliambiwa Celsus alitaja nne na Galen, tabibu wa kale, akaongeza ya tano. Mwalimu mwingine akasema ni Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19.

Bibi_Gozi, saa 9:41 alasiri

Celsus wa Roma, karne ya 1, alitaja nne: wekundu, uvimbe, joto, maumivu. Hilo halina ubishi. La tano vitabu vinagombana, mimi naelekea kwa Virchow. Kwenye mtihani fuata kilichoandikwa kwenye notisi za chuo chako, usipigane na mwalimu kwa alama moja.

Kanula_Ya_Pinki, saa 1:50 usiku

Nimeandika upya jibu. Naomba lisahihishwe bila huruma.

"Inflamesheni kwenye mshono wa mama huyu ina sehemu mbili zinazopishana. Katika hatua ya mishipa, mishipa hujibana kwa muda mfupi, kisha hutanuka na kuvuja. Saa za mwanzo muuguzi hukagua gozi, kwa kuwa kidonda kimefunikwa: doa la damu ambalo hupungua na kuwa la waridi, kisha la rangi ya maji ya chai. Maumivu huonekana baada ya sindano ya mgongo kuisha, na mama hupata shida kugeuka na kutembea. Katika hatua ya seli, nyutrofili huhamia kwenye jeraha ndani ya saa 6 hadi 24, kisha makrofaji. Muuguzi hazioni, ila anaona joto la mwili lililopanda kidogo, na kwa kupapasa anakuta joto, uvimbe na maumivu kando ya mshono. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, wekundu usitegemewe. Baada ya saa 24 hatua ya mishipa huisha na hatua ya seli huanza. Kuanzia siku ya tatu ishara hupungua. Zisipopungua, au zikirudi, tazama maambukizi. Usaha ni mojawapo ya matokeo, si hatua."

Bibi_Gozi, saa 2:20 usiku

16 kati ya 20.

Nimekata mbili kwenye sentensi ya saa 24. Umeanza kwa kusema zinapishana, kisha unazitenganisha kwa saa kama zamu za wauguzi. Nyutrofili zinaingia mishipa ikiwa bado imetanuka na inavuja. Kama mishipa ingekuwa imefungwa, damu isingezubaa, na nyutrofili zisingeshika ukuta. Futa sentensi yote, jibu linasimama bila hiyo.

Mbili nyingine nimekata kwa kuwa umesema makrofaji zinakuja halafu ukaziacha mlangoni. Andika zinafanya nini: zinameza mabaki na kuita seli za kujenga kovu. Ndiyo maana kati ya siku ya tano na ya tisa, ukipapasa chini ya mshono unakuta tuta gumu lililonyooka, jembamba, haliumi sana na halina joto. Wanafunzi wanalikuta wanaandika "uvimbe, inawezekana usaha". Hilo ni kolajeni, protini ya kovu, kidonda kinashika. Tuta lisipokuwepo kabisa siku ya tisa, ndiyo uogope, mshono unaweza kuachia.

Sista_wa_Likoni, saa 2:34 usiku

Na mama wa kitanda cha 9 tuta lake lilikuwa upande wa kushoto tu. Kulia tulikuwa tumefungua.

Dokta_Mtarajiwa, saa 2:52 usiku

Nimefuta ushauri wangu wa antibayotiki siku ya pili. Ila bado sijaridhika na siku ya nne ya kitanda cha 9. Homa imefunikwa na dawa, ugumu haupandi wala haushuki, mwenzako kaandika kidonda kizuri. Mngefungua nyuzi siku hiyo au mngesubiri?

Sista_wa_Likoni, saa 3:10 usiku

Kufungua kidonda ambacho hakina maji chini, hapana. Ningeomba dozi ya paracetamoli ya mchana isitolewe mpaka nipime joto kwanza, na ningepapasa kila zamu badala ya mara moja kwa siku. Huenda tungeishika siku ya tano. Huenda tusingeishika. Nimelifikiria mara nyingi.

Fundi_Rangi_TZ, saa 3:25 usiku

Mfupa mwembamba wa nje una ufa. Nimefungwa plasta gumu. Mke wangu anauliza kama chumvi ndiyo iliyopasua.